Maksai, dume na mwanaume aliyefungwa mirija

*"Daktari, mimi ni mkulima na mfugaji wa Nzega, mkoa wa Tabora, nina miaka 41 na watoto sita. Mke wangu sindano ya uzazi wa mpango ilimkataa na vijiti pia, damu ilikuwa haikatiki, tukakubaliana safari hii nifunge mimi. Wenzangu waliposikia wakaniambia nitakuwa maksai: jogoo hatawika, hamu itakufa, mwili utalegea. Wananitajia mzee mmoja wa kijiji jirani mwenye miaka 54. Alifungwa miaka mitatu iliyopita, mwaka huu nguvu zimemwisha na amekonda. Je, upasuaji huu unaua nguvu, hamu au homoni za kiume?"*

Hapana, ndugu yangu, hauui kimojawapo kati ya hivyo vitatu. Na kwa kuwa wenzako wamekutisha kwa maksai, tuanzie hukohuko zizini, maana jibu lako limo kati ya madume wawili ambao watu huwachanganya.

Wa kwanza unamfahamu, ndiye anayekuvutia plau. Bwana mifugo alipomhasi alilibana lile koleo kubwa juu ya korodani, upande mmoja kisha wa pili. Pale koleo linapobana pana kamba ambayo ndani yake mna vitu vingi pamoja: ateri inayoleta damu kwenye korodani, vena zinazoirudisha, neva, na mrija mwembamba unaopitisha mbegu. Koleo huponda vyote. Korodani isiyopata damu hufa, na baada ya wiki kadhaa ukipapasa unakuta imesinyaa. Ikishakufa, homoni ya kiume iliyokuwa ikitengenezwa humo hukoma kuingia kwenye damu. Ndipo dume anatulia, anaacha kupigana, na anaweza kupita katikati ya majike bila kugeuka. Aliyemfanya awe hivyo ni ukosefu wa damu kwenye korodani. Mrija wa mbegu ulipondwa tu kwa kuwa ulikuwa njiani.

Dume wa pili huenda hujamwona, kwa kuwa hutumika zaidi kwenye mashamba makubwa yanayofanya uhamilishaji. Mwenye shamba anataka kujua ng'ombe gani ana joto ili apandishiwe mbegu iliyohifadhiwa, lakini hataki dume wa kundi amtie mimba kabla yake. Daktari wa mifugo humchukua dume mwenye afya, akakata mirija miwili ya mbegu peke yake, akaiacha mishipa ya damu kama ilivyo, kisha akamrudisha kundini. Kazi ya dume huyo ni kuwatafuta majike wenye joto na kuwapanda. Mchungaji akiona jike amesimama akakubali kupandwa, anajua wakati umefika. Kama kukata mrija kungeua hamu, dume huyo asingefaa kwa lolote. Wataalamu wa mifugo wana tahadhari moja juu yake: kwa kuwa bado anapanda na kuingiza kama kawaida, anaweza kueneza magonjwa ya zinaa kutoka jike mmoja hadi mwingine.

Utakachofanyiwa wewe, yaani vasektomi, ni kile alichofanyiwa dume wa pili. Hebu sasa tuingie ndani tuone kwa nini matokeo hutofautiana hivyo.

Korodani ni nyumba moja yenye karakana mbili. Karakana ya kwanza ni vijirija vilivyojikunja kunja kwa wingi, na humo ndimo mbegu zinamotengenezwa. Mbegu moja huchukua takriban miezi miwili na nusu tangu kuanza kuumbwa hadi kukomaa. Zikitoka humo huingia kwenye kifuko kirefu kilicholala nyuma ya korodani, zinapevuka, kisha hupanda kwa ule mrija mkuu hadi karibu na tezi dume. Karakana ya pili ni seli zilizojibanza katikati ya vijirija hivyo, nje yake. Hizi ndizo zinazotengeneza testosteroni, na takriban asilimia 95 ya testosteroni yote ya mwanaume hutoka kwao. Kiasi kidogo kilichobaki hutoka kwenye tezi zilizo juu ya figo.

Jambo la kushika hapa ni kwamba karakana hizi mbili zina milango tofauti. Mbegu hutoka kwa mrija. Testosteroni haipiti kwenye mrija hata kidogo: inapenya kwenye mishipa midogo ya damu iliyoizunguka, inaingia kwenye vena za korodani, na kutoka hapo inasambaa mwili mzima, kwenye ubongo inakoamsha hamu, kwenye misuli, kwenye ndevu na kwenye sauti. Amri ya kuitengeneza nayo huja kwa njia ya damu. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo ambayo humwaga homoni ichochezi, nayo husafiri hadi kwenye korodani na kuziambia seli zile zifanye kazi. Testosteroni ikitosha, ubongo hupunguza uchochezi, ikipungua, huongeza. Amri hiyo huja kwa damu na jibu hurudi kwa damu. Ukikata mrija wa mbegu hujagusa sehemu yoyote ya mzunguko huo. Ndiyo maana wanaume waliofungwa wakipimwa testosteroni, hukutwa iko pale ilipokuwa.

Kuna kisa cha zamani kinachoonyesha kwamba watu waliwahi kuamini kinyume kabisa cha wanachokuambia wenzako. Miaka ya 1920 huko Vienna, Austria, mtafiti aitwaye Eugen Steinach alidai kwamba kufunga mrija mmoja kunaifanya korodani iongeze homoni na kumrudisha mzee ujanani. Wanaume wazima, wengine maarufu, walijipanga kufungwa. Sigmund Freud, daktari aliyeasisi tiba ya akili kwa mazungumzo, alifanyiwa mwaka 1923, na mshairi wa Ireland William Butler Yeats mwaka 1934. Baadhi walisema wamepata nguvu mpya. Baadaye ilibainika kwamba homoni haikuwa imepanda. Mrija uleule uliofungwa, mmoja akiamini atakuwa kijana na mwingine akiamini atakuwa maksai, na kila mmoja anaweza kuhisi alichokitarajia. Nitalirudia hili mbele kidogo, kwa sababu ndilo linalowaangusha wanaume wengi zaidi ya kisu chenyewe.

Tuje kwenye kusimama kwa uume. Uume husimama kwa damu na neva. Ukipata hamu, neva zinazotoka sehemu ya chini kabisa ya uti wa mgongo hupeleka taarifa kupitia nyonga, zikipita kando ya tezi dume hadi kwenye uume. Taarifa hiyo hulegeza kuta za mishipa ya damu ya uume, damu hujaa kwenye nyama yake iliyo kama sponji, na kule kujaa kwenyewe hubana vena ili damu isitoke. Ateri za kazi hiyo zinatoka ndani ya nyonga, wala hazishuki kwenye mfuko wa korodani. Upasuaji wako utafanyika kwenye mfuko huo, sehemu ya juu, chini tu ya ngozi. Mpasuaji haingii kwenye nyonga, hafiki kwenye tezi dume, na hagusi uume. Ndiyo maana upasuaji wa kuondoa tezi dume, ambao unapita palepale zilipo neva hizo, unaweza kweli kuleta tatizo la kusimama, lakini huu hauna njia ya kufika huko.

Na kumwaga je? Wanaume wengi hudhani shahawa zote hutoka kwenye korodani, hivyo wakisikia mrija umefungwa wanangoja kumwaga hewa. Ukweli ni kwamba karibu theluthi mbili ya majimaji yale hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu, na sehemu kubwa ya kinachobaki hutoka kwenye tezi dume. Vyote viwili viko juu ya mahali mrija unapokatwa. Mbegu pamoja na majimaji ya korodani ni kama asilimia 5 tu. Chukua mwanaume anayetoa mililita 3, yaani zaidi kidogo ya nusu ya kijiko cha chai. Asilimia 5 ya hizo ni mililita 0.15, sawa na matone matatu. Hayo ndiyo yatakayopungua. Rangi, harufu, uzito na msukumo havibadiliki, na ule utamu wa kufika kileleni unatokana na neva na misuli ya chini ya nyonga inayokaza na kuachia, ambayo haijaguswa. Mkeo hataona tofauti, na hata wewe hutaiona. Mwenye kuiona ni fundi wa maabara, akiwa na darubini.

Mbegu zinazoendelea kutengenezwa hazirundikani hadi kupasua korodani, kama unavyoweza kuambiwa. Mbegu ni kitu kidogo mno, urefu wake pamoja na mkia ni kama milimita 0.05. Zikikosa njia, huzeeka na kufa ndani ya kile kifuko cha nyuma ya korodani, seli za kusafisha mwili huzimeza, na viini vyake hurudi kwenye damu. Kazi hii mwili huifanya hata kwa mwanaume ambaye hajafungwa na anayekaa muda mrefu bila kumwaga. Kwenye wiki za mwanzo unaweza kuhisi uzito kidogo kabla mwili haujazoea, na wakati mwingine kiuvimbe kigumu kama punje ya mahindi hutokea pale mrija ulipokatwa, kwa sababu mbegu zimevuja na mwili umezizungushia ukuta. Kwa kawaida hakina madhara.

Upasuaji wenyewe nitaueleza kwa ufupi lakini kwa hatua zake, kwa kuwa mwenye kujua kinachofanyika hatishwi kirahisi. Njia inayopendekezwa leo ni ile isiyotumia kisu, iliyobuniwa na daktari Li Shunqiang huko Sichuan, China, mwaka 1974. Unalala chali, unasafishwa, na mtoa huduma anapapasa mfuko hadi aupate mrija kwa vidole vitatu. Mrija una unene wa milimita 2 hadi 3 na ni mgumu kuliko vitu vyote vinavyouzunguka. Ukiubinya kwa vidole unahisi kama spoku ya baiskeli iliyovikwa mpira. Anausogeza hadi chini ya ngozi, katikati ya mfuko upande wa mbele, kisha anachoma sindano ya ganzi, mara nyingi lignokeni. Hiyo sindano ndiyo inayouma kuliko kitu kingine chochote, nayo ni kwa sekunde chache.

Baada ya hapo anaushika mrija pamoja na ngozi kwa koleo dogo lenye kichwa cha pete, anatoboa tundu dogo kwa koleo lingine lenye ncha kali, anaupanua uwazi taratibu na kuutoa mrija nje kama kitanzi. Sasa inakuja hatua ambayo nataka uielewe kuliko zote: anaumenya mrija kutoka kwenye ala yake, ili mishipa ya damu iliyoambatana nao ibaki pembeni. Anakata kipande kifupi, kwa kawaida kama sentimita moja, anafunga ncha kwa uzi au anaziunguza kwa ndani, kisha anaivuta ala ifunike ncha moja ili zikae vyumba tofauti zisiungane tena. Upande wa pili hufanyika kupitia tundu lilelile. Mara nyingi hakuna hata mshono. Kazi nzima huchukua kama dakika 20. Ukilinganisha na koleo la bwana mifugo, yule anaponda kamba nzima na huyu anachambua kitu kimoja tu kutoka ndani yake.

Sasa niseme wazi yanayoweza kwenda vibaya, kwa sababu kuyaficha ndiko kunakozaa uvumi. Kati ya wanaume 100, mmoja au wawili hupata damu kuvilia ndani ya mfuko, au maambukizi. Mfuko ukivimba haraka ukawa kama embe siku ya kwanza, au ukiwa na homa, usaha, au maumivu yanayoongezeka siku ya tatu badala ya kupungua, rudi hospitali siku hiyohiyo. Michubuko ya rangi ya zambarau hadi kwenye shina la uume inatisha kuitazama lakini hufifia yenyewe. Mara ya kwanza na ya pili ya kumwaga unaweza kuona damu kidogo. Hiyo nayo hupita.

Kuna tatizo moja ambalo kweli linaweza kugusa tendo la ndoa. Mwanaume mmoja au wawili kati ya 100 hubaki na maumivu ya korodani ya muda mrefu, yanayozidi miezi mitatu, kiasi cha kuathiri maisha yake. Kwa wengi wao dawa za maumivu na matibabu mengine husaidia, na wachache huhitaji upasuaji mwingine. Mtu anayeumwa korodani kila akimaliza tendo ataanza kulikwepa, na hamu itashuka. Hapo homoni haijashuka na uume haujafa, maumivu ndiyo yanayomfukuza, na yanatibika kama maumivu. Ukiulizwa ni njia gani ya kweli ambayo upasuaji huu unaweza kuharibu raha ya mtu, ni hii, na ni haki yako kuijua kabla hujasaini.

Njia ya pili ni hofu. Mtu aliyeambiwa mwezi mzima kwamba hatasimama, siku ya kwanza ya kurudi kitandani anajipima badala ya kujiburudisha. Hofu huumwagia mwili adrenalini, na kazi ya adrenalini kwenye mishipa ya uume ni kuikaza, kinyume kabisa cha kulegea kunakohitajika ili damu ijae. Anashindwa. Kesho anakuja na hofu mara mbili, anashindwa tena, kisha anakwenda kijiweni na kuthibitisha uvumi. Hapa ndipo kisa cha Vienna kinaporudi, ila kimegeuzwa kichwa chini. Dalili ya kutofautisha ni rahisi: ukiamka alfajiri uume umesimama, basi damu, neva na homoni zako zinafanya kazi, na kinachokuzuia usiku kiko kichwani. Tatizo la mishipa au la kisukari haliwezi kusubiri usiku tu likapumzika alfajiri.

Upande wa Kigoma, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu kinachowafanya wanaume wa mkoa huo wakubali au wakatae upasuaji huu ulikuta kwamba uelewa mdogo juu yake ni miongoni mwa vizuizi vikubwa, pamoja na dini, uchumi na msimamo wa mke. Kwa hiyo wenzako wa Nzega hawako peke yao.

Tumchukue sasa yule mzee wa miaka 54, kwa sababu ndiye ushahidi wanaokupigia mbele. Alifungwa miaka mitatu iliyopita na nguvu zimemwisha mwaka huu. Kitu cha kwanza cha kutazama ni tarehe. Kama kukata mrija kungezuia homoni, asingengoja miaka. Korodani iliyokosa damu husinyaa ndani ya wiki chache, na testosteroni hushuka mara moja. Mwanaume ambaye alifanya tendo vizuri kwa zaidi ya miaka miwili baada ya upasuaji amekwishajibu swali kwa mwili wake mwenyewe.

Kitu cha pili ni kule kukonda. Mwanaume wa miaka 50 na kitu anayekonda bila sababu na kupoteza nguvu za kiume, swali langu la kwanza kwake ni kama anakunywa maji mengi na kuamka usiku mara kwa mara kukojoa. Hizo ni dalili za kisukari, na kisukari ndicho mojawapo ya vyanzo vikubwa vya uume kushindwa kusimama, maana sukari ikiwa juu kwa muda huharibu mishipa midogo ya damu na neva, vitu vilevile viwili vinavyosimamisha uume. Apimwe sukari asubuhi kabla hajala kitu. Mashine ikisoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, na ikarudia hivyo siku nyingine, ana kisukari. Apimwe pia presha. Na kama tayari anatumia dawa za presha, aziorodheshe: propranololi na baadhi ya zile za kukojosha zinaweza kudhoofisha nguvu. Asiziache mwenyewe, kwani kuacha propranololi ghafla kunaweza kuudhuru moyo. Amwombe daktari ambadilishie. Kukonda kunaweza pia kuletwa na kifua kikuu au VVU, navyo vina vipimo vyake, hivyo asiishie kwenye sukari.

Kama hayo yote yako sawa na hamu yenyewe imekufa, ndipo testosteroni ipimwe. Damu itolewe asubuhi, kabla ya saa nne, maana homoni hii huwa juu alfajiri na hushuka jioni. Kipimo cha saa kumi jioni kinaweza kumtia mtu ugonjwa asiokuwa nao. Ikiwa chini, irudiwe siku nyingine kabla ya kuamua lolote. Ikithibitika iko chini, hupimwa na ile homoni ichochezi ya ubongo. Kichochezi kikiwa juu maana yake ubongo unapiga kelele na korodani haziitiki. Kikiwa chini, tatizo liko kwenye ubongo wenyewe. Uzee pia humpunguzia mwanaume testosteroni kidogo kidogo kila mwaka, amefungwa au hajafungwa. Mtu aliyefungwa akiwa na miaka 51 ataingia 54 akiwa na miaka mitatu zaidi mwilini, na kijiwe kitaihesabia vasektomi miaka hiyo yote.

Kuna ajali moja adimu ambayo sitaki kuiruka: mpasuaji asiye makini anaweza kujeruhi ateri ya korodani, na korodani hiyo ikasinyaa. Inatambulika kwa kupapasa tu, upande mmoja unakuwa mdogo na laini kuliko mwingine ndani ya miezi michache. Hata ikitokea, korodani moja nzima hutosha kutoa homoni ya mwili wote. Kama za mzee huyo zote mbili ni ngumu na za ukubwa wa kawaida, hoja hiyo imekwisha.

Turudi kwako. Mambo matatu yanaweza kukufanya usubiri. La kwanza ni busha, ngiri, jeraha au maambukizi kwenye mfuko wa korodani; mwonyeshe mtoa huduma kabla, maana busha kubwa hufanya mrija uwe mgumu kupatikana na huenda vikatibiwa pamoja. La pili ni shaka juu ya watoto. Upasuaji wa kuunganisha tena mirija upo, lakini ni mgumu, ni ghali, na uwezekano wa kufanikiwa hupungua kadiri miaka inavyopita. Jiulize mambo machungu waziwazi: mtoto akifariki, au ndoa ikivunjika na ukaoa tena, bado utasema sita wanatosha? Kama jibu linayumba, usifunge mwaka huu. La tatu ni kama unakwenda kwa kusukumwa, na mke hawezi kuwa msukumaji kama vile kijiwe kisivyopaswa kuwa kizuizi.

Kama uko tayari, ulizia kwenye kliniki ya uzazi wa mpango ya hospitali ya wilaya, au ya rufaa ya mkoa pale Kitete, ni lini kuna mtoa huduma aliyefunzwa njia isiyotumia kisu. Chagua siku ambayo huna kazi nzito mbele yako. Msimu wa kulima haufai. Nenda na chupi inayobana vizuri, na uivae usiku na mchana kwa siku kadhaa ili mfuko usining'inie. Siku mbili za kwanza pumzika. Tumia parasetamo kwa maumivu na uiache aspirini, maana huchelewesha damu kuganda. Usipande baiskeli, usishike plau na usibebe gunia kwa wiki moja. Wengi hurudi kwenye tendo baada ya wiki hiyo, wakiona hakuna maumivu.

Na hapa ndipo ndoa nyingi zinapoponzwa. Siku unayofungwa, mbegu zilizokwisha kupita mahali pa kukatwa bado zimo juu, hai. Zinahitaji miezi mitatu na kumwaga mara nyingi, kama 20 hivi, ili zisafishike. Katika miezi hiyo mkeo anaweza kushika mimba kabisa, na mimba hiyo itakuwa yako. Tumieni kondomu, au yeye aendelee na njia nyingine inayomkubali. Ni jambo la kumweleza mama yako na ndugu zako kama wanajua umefungwa, kabla tumbo halijaonekana na maneno hayajaanza. Kondomu hazina mbadala pia kwa VVU na magonjwa ya zinaa; kumbuka lile onyo la wataalamu wa mifugo juu ya dume wa pili.

Miezi mitatu ikitimia, peleka shahawa zipimwe. Ukitoka kijijini mbali na mjini, usizibebe kwenye basi, kwani zikichelewa majibu huwa ya kubahatisha. Nenda utolee hospitalini, kwenye kikopo safi cha maabara, kwa mkono na bila sabuni wala mafuta wala kondomu, kisha umkabidhi fundi maabara papo hapo. Akikuta hakuna mbegu hata moja, mmeachana na kondomu za uzazi wa mpango. Akikuta chache zisizotembea, atakuambia urudi baada ya wiki kadhaa. Akikuta zinazotembea na tayari miezi sita imepita, ncha zimeungana na upasuaji unarudiwa. Baada ya kupimwa na kukutwa safi, mimba hutokea kwa takriban mwanaume mmoja kati ya 2,000, kwa ncha kuungana zenyewe baadaye.

Yule mzee jirani ukimwona wiki hii, mwambie aende kituo cha afya asubuhi bila kunywa chai, akapimwe sukari.